Maumivu ya Kichwa ya Radi: Kwa Nini Daktari Anauliza Yalianza Saa Ngapi

Ukimuuliza mtu anayeumwa kichwa kilianza lini, mara nyingi atakujibu kwa makadirio. Kilianza jana mchana, kikaongezeka jioni, usiku kikamkosesha usingizi. Lakini yapo maumivu ya kichwa ambayo mgonjwa anakumbuka hata alikuwa ameshika nini mkononi yalipomfika. Hayakupanda polepole. Yalikuja yote kwa mara moja, na ndani ya dakika moja yalikuwa yamefika kileleni. Madaktari huyaita maumivu ya kichwa ya radi, na wanayaogopa kuliko maumivu mengine ya kichwa kwa sababu huenda mshipa wa damu umepasuka ndani ya fuvu.

Kinachoyatofautisha ni kasi, si ukali peke yake. Mwenye kipandauso anaweza kuumwa vibaya sana, lakini maumivu yake huchukua muda kupanda. Maumivu ya radi hayana kupanda. Kwa hiyo swali la kwanza la daktari mwenye uzoefu halihusu kiasi cha maumivu. Anauliza muda uliopita tangu yalipoanza hadi yalipokuwa makali kabisa. Swali la pili ni saa yenyewe: yalianza saa ngapi? Jibu la swali hilo la pili ndilo linaloamua kama picha ya kichwa inatosha, au kama mgonjwa atahitaji pia kuchukuliwa maji ya uti wa mgongo.

Damu inaingia wapi

Ubongo umefunikwa na tando tatu. Wa nje ni mgumu na umelala karibu na mfupa. Wa kati ni mwembamba, wenye nyuzinyuzi, na huitwa utando wa buibui. Wa ndani umegandamana na ubongo wenyewe. Kati ya utando wa buibui na ule wa ndani kuna nafasi iliyojaa maji safi yasiyo na rangi, na katika nafasi hiyo ndimo inamopita mishipa mikubwa inayolisha ubongo kabla haijagawanyika na kuzama ndani.

Maji hayo hayakai kichwani tu. Yanateremka na kuuzunguka uti wa mgongo hadi kiunoni. Mtu mzima ana takriban mililita 150 kwa wakati mmoja, na mwili hutengeneza karibu nusu lita kwa siku, kwa hiyo yanabadilishwa mara tatu au zaidi kila siku. Mambo haya mawili, kwamba maji ya kichwani ndiyo hayohayo ya mgongoni, na kwamba yanabadilishwa kila mara, yanaeleza karibu kila kitu kitakachofuata.

Mara nyingi damu hutoka mahali ambapo mshipa unagawanyika, chini ya ubongo. Ukuta wa mshipa hudhoofika pale na kutuna, kama tyubu ya baiskeli inavyovimba upande uliochakaa. Uvimbe huo unaitwa anurizimu. Mtu anaweza kuishi nao miaka mingi asiujue. Presha ya kupanda na uvutaji wa sigara huongeza hatari ya kupasuka, na katika baadhi ya familia tatizo hili huwapata ndugu zaidi ya mmoja. Kati ya watu wanaovuja damu katika nafasi hiyo bila kuumia kichwa, takriban asilimia 85 huwa wamepasukiwa na anurizimu.

Inapopasuka, damu yenye msukumo wa moyo huingia ghafla kwenye nafasi iliyokuwa na maji tu. Shinikizo ndani ya fuvu hupanda kwa sekunde chache. Ndipo maumivu hulipuka, mgonjwa hutapika, na wengine huzimia. Wapo wanaofariki kabla ya kufika hospitali. Kwa wanaonusurika, damu huganda na kuziba tundu kwa muda. Kizibo hicho hakiaminiki. Hatari ya kupasuka tena ni kubwa kuliko wakati wowote katika saa 24 za mwanzo, na mpasuko wa pili huua wengi kuliko wa kwanza. Hii ndiyo sababu mgonjwa anayeongea na kutembea mwenyewe bado ni mgonjwa wa dharura.

Si kila maumivu ya radi yana damu nyuma yake. Mwaka 2011 madaktari wa Kanada walichapisha utafiti wa watu wazima 3,132 waliofika hospitali wakiwa na akili timamu, na vichwa vyao vilikuwa vimefika kilele cha maumivu ndani ya saa moja. Waliogundulika na damu kuzunguka ubongo walikuwa 240. Wengi hawakuwa nayo. Tabu ni kwamba mlangoni watu hawa wanafanana, na anayepaswa kupatikana ni yule mmoja miongoni mwa wengi.

Mwalimu na ndoo ya maji

Tumfuate mgonjwa wa mfano, tuliyemuunda kutokana na mambo yanayojirudia katika ugonjwa huu. Ni mwalimu wa miaka 46, anakaa Morogoro, na amewahi kuambiwa presha yake iko juu lakini dawa anameza akikumbuka. Jumamosi saa moja na robo asubuhi anainua ndoo ya maji uani. Kisogo kinapigwa na maumivu ambayo hajawahi kuyaona. Ndoo inamponyoka. Anaketi chini, anatapika mara mbili.

Mke wake anampa panadoli. Baada ya saa moja maumivu yanapungua, mwalimu analala. Hapa ndipo watu wengi hupotea. Maumivu kupungua kwa dawa hakuonyeshi kwamba hakuna damu. Kichwa chenye damu nacho hupoa kwa panadoli, kwa diklofenaki, hata kwa kulala. Dawa inatuliza maumivu bila kuugusa mshipa.

Jioni shingo yake inakakamaa. Kukakamaa huku huchelewa kwa saa kadhaa, kwa kuwa damu inahitaji muda kuwasha tando na kuteremka kuelekea mgongoni. Kwa hiyo aliyepimwa shingo nusu saa baada ya maumivu na ikakutwa laini hajapona shaka. Nyumbani wanadhani ni malaria, duka la dawa linawapa dozi. Jumapili asubuhi bado mwanga unamuumiza macho na hawezi kuinamisha kidevu hadi kifuani. Wanaondoka kwenda hospitali.

Pale mapokezi joto la mwili ni la kawaida, kipimo cha malaria hakionyeshi vimelea, presha iko juu. Daktari wa zamu ni kijana.

"Shikamoo, mwalimu. Pole sana. Kichwa kilianza lini?"

"Marahaba, daktari. Jana asubuhi."

"Jana saa ngapi? Ulikuwa unafanya nini?"

"Saa moja na robo. Nilikuwa nainua ndoo, ikaniponyoka."

"Tangu kilipoanza mpaka kikawa kikali kabisa, ulipita muda gani?"

"Hakukuwa na muda. Kilikuja chote."

Maneno hayo ya mwisho yanatosha kubadilisha mwelekeo. Daktari ana mambo manne mbele yake: maumivu yaliyofika kileleni papo hapo, yaliyoanza mtu akiwa anatumia nguvu, umri uliovuka miaka 40, na shingo iliyokakamaa. Lolote kati ya hayo linatosha kumfanya asimrudishe mgonjwa nyumbani bila kuchunguza. Anaandika kwenye fomu ya kipimo: "Maumivu ya ghafla, yalianza jana saa moja na robo asubuhi." Saa hiyo iliyoandikwa itamsaidia kila atakayemshughulikia mwalimu baada yake.

Siti skani inatafuta weupe

Kipimo cha kwanza ni siti skani ya kichwa, bila dawa ya kung'arisha mishipa. Mgonjwa analala chali, mashine inamzunguka, na ndani ya dakika chache picha za vipande vyembamba vya kichwa zimepatikana. Dawa ya kung'arisha haitumiki mwanzoni kwa sababu yenyewe huonekana nyeupe, na nyeupe ndiyo rangi inayotafutwa.

Skani hupima jinsi kila kitu kinavyozuia mionzi. Maji hupewa namba sifuri. Ubongo upo kati ya 30 na 40. Damu iliyoanza kuganda hufika 50 hadi 70 au zaidi. Kwenye picha, maji yanakuwa meusi, ubongo wa kijivu, damu nyeupe. Chini ya ubongo kuna mabwawa madogo ya maji ambayo kwa mtu mzima mwenye afya yanaonekana kama umbo jeusi lenye pembe tano. Damu ikimwagika humo, umbo hilo hugeuka jeupe. Msomaji wa picha huangalia pale kwanza, halafu kwenye mfereji wa kila upande wa ubongo, kisha kwenye mstari unaotenganisha nusu mbili za ubongo. Hamalizi bila kutazama vyumba vya maji vilivyo ndani ya ubongo. Mgonjwa akiwa amelala chali, damu kidogo huweza kutuama nyuma ya vyumba hivyo, na vikiwa vimetanuka inamaanisha damu imeziba njia ya maji.

Picha hii ni nzuri sana mapema. Katika utafiti ule wa Kanada, waliopigwa skani ndani ya saa sita tangu maumivu kuanza na kukutwa na ugonjwa huu walikuwa 121, na skani iliwaona wote. Waliopigwa baada ya saa sita walikuwa na wagonjwa 119, na skani iliwakosa 17. Mashine hazikubadilika. Kilichobadilika ni damu. Yale maji yanayobadilishwa kila siku yanaipunguza nguvu na kuisambaza, chembe zake zinavunjika, na weupe unafifia hadi kulingana na ubongo. Baada ya wiki moja, skani inaweza kukosa karibu nusu ya wagonjwa.

Kutokana na matokeo hayo, madaktari katika nchi nyingi wamekubaliana kwamba skani safi iliyopigwa ndani ya saa sita inatosha, na mgonjwa hana haja ya sindano ya mgongo kwa ajili ya kutafuta damu hii. Lakini ruhusa hiyo ina masharti. Mashine iwe ya kisasa, picha isomwe na mtu aliyezoea kusoma picha za ubongo, mgonjwa awe na akili timamu bila udhaifu wa mkono au mguu, na saa ya kuanza ijulikane kwa uhakika.

Sharti moja zaidi lina uzito kwetu. Weupe wa damu kwenye skani unatokana na hemoglobini yake. Mtu mwenye upungufu mkubwa wa damu, hemoglobini ikiwa chini ya takriban gramu 10 kwa desilita, anaweza kuvuja damu isiyo nyeupe vya kutosha kuonekana. Kwa mgonjwa wa selimundu, kwa mama aliyetoka kujifungua akapoteza damu nyingi, kwa mtu aliyeishiwa damu kwa malaria ya mara kwa mara, skani safi ya saa ya tatu haiwezi kuaminiwa kama ya mwingine. Daktari anapaswa kuijua hemoglobini ya mgonjwa kabla ya kusema "picha ni safi, nenda nyumbani."

Mwalimu wetu anapigwa skani Jumapili saa sita mchana. Zimepita saa 28 na dakika 45. Ripoti inasema hakuna damu inayoonekana, hakuna uvimbe, ubongo haujasogezwa upande. Mke wake anashusha pumzi. Daktari anaihesabu saa, na kwa hesabu hiyo ripoti imemwambia jambo moja tu la uhakika: hakuna kitu kinachozuia kumchukua maji ya mgongo kwa usalama.

Sindano inatafuta umanjano

Familia nyingi husita hapa. Mke wa mwalimu anasema kwa heshima lakini bila kuficha: "Daktari, jirani yetu alichukuliwa maji ya mgongo, kesho yake akafariki."

"Pole, mama. Jirani alikuwa anaumwa nini?"

"Homa ya uti wa mgongo."

"Ugonjwa ule ndio uliomchukua, mama. Sindano ilikuwa inautafuta."

Hofu hiyo haikuzuka hivihivi. Kipimo hiki hufanywa kwa watu waliozidiwa, na baadhi yao hufariki, basi lawama hubaki kwenye sindano. Ukweli wa mwilini ni huu: uti wa mgongo wenyewe kwa mtu mzima unaishia sehemu ya juu ya kiuno, karibu na pingili ya kwanza au ya pili. Sindano huingia chini zaidi, kati ya pingili ya tatu na ya nne au ya nne na ya tano, ambako kuna maji na nyuzi za neva zinazoelea. Daktari hupapata mifupa ya nyonga juu, huvuta mstari kati yake, na hapo ndipo anapopata mahali pake. Kinachochukuliwa ni mililita chache. Mwili unaotengeneza nusu lita kwa siku huzirudisha ndani ya saa moja hivi.

Madhara yapo na mgonjwa ana haki ya kuambiwa. La kawaida ni kichwa kinachouma akiketi na kupoa akilala, ambacho huisha chenyewe kwa siku chache kwa wengi. Sindano nyembamba yenye ncha butu hulipunguza sana tatizo hilo. Kipimo huahirishwa kwa anayetumia dawa za kuyeyusha damu, kwa mwenye damu isiyoganda, au akiwa na jipu mahali pa kuchoma.

Mwalimu analala ubavu, magoti kifuani. Ngozi inasafishwa, ganzi inachomwa. Sindano ikifika, kabla ya kukinga maji daktari anaunganisha mrija mwembamba wa kupimia na kuangalia maji yanapanda hadi wapi. Kwa mtu mzima aliyelala ubavu kawaida ni sentimita 10 hadi 25. Ya mwalimu yanafika 27. Kisha anakinga kwenye vichupa vinne, kimoja baada ya kingine, na kuviandika namba. Maji yana wekundu hafifu.

Je, damu hiyo imetoka kichwani, au sindano imegusa mshipa mdogo mgongoni? Swali hili ndilo ugumu wote wa kipimo. Sindano kugusa mshipa hutokea mara kwa mara hata kwa mikono yenye uzoefu. Ikiwa ndiyo hivyo, damu huwa nyingi kwenye kichupa cha kwanza na kupungua kuelekea cha nne. Maabara inahesabu kwa mwalimu: kichupa cha kwanza kina chembe nyekundu 9,400 kwa kila mikrolita, cha nne 9,100. Hazikupungua kwa namna ya kuridhisha.

Hata hivyo hesabu peke yake haihukumu. Kinachohukumu ni rangi. Chembe nyekundu zikikaa ndani ya maji ya ubongo huanza kupasuka, hemoglobini inatoka, na seli za tando zinaibadilisha kuwa bilirubini, ile ile rangi ya manjano inayoonekana machoni kwa mwenye homa ya manjano. Kazi hiyo inafanyika ndani ya mwili tu. Damu iliyoingia dakika ileile kwa sindano haina bilirubini, kwa kuwa haijapata muda. Mtaalamu wa maabara anakizungusha kichupa kwenye mashine hadi chembe zitulie chini, kisha anashika maji ya juu kando ya kichupa cha maji safi, nyuma yake karatasi nyeupe. Maji ya mwalimu ni ya manjano.

Bilirubini hii huhitaji saa 6 hadi 12 kujitokeza, na hubaki kwa takriban wiki mbili. Ndiyo maana madaktari husubiri zitimie angalau saa 12 tangu maumivu kuanza. Mtu aliyepigwa skani saa ya nane ikaonekana safi hachomwi sindano papo hapo. Analazwa, anaangaliwa, anasubiri. Ukichoma mapema mno utakuta chembe nyekundu bila umanjano, na utabaki palepale ulipokuwa bila kujua zimetoka wapi.

Ukiweka vipimo viwili pamoja unaona vinavyopokezana. Skani ina nguvu kubwa saa za mwanzo, kisha inafifia. Maji ya mgongo hayasemi mengi saa za mwanzo, kisha yanapata nguvu skani inapoishiwa. Aliyekuja wiki tatu baadaye amevipita vyote viwili, naye huhitaji picha ya mishipa moja kwa moja. Hakuna anayeweza kujua mgonjwa yuko upande gani wa kalenda hii bila kujua saa ya kuanza.

Maji ya mgongo nayo hupotosha yasipotunzwa. Mwanga huivunja bilirubini, kwa hiyo kichupa hufunikwa na kupelekwa maabara kwa mkono bila kuchelewa. Kikiachwa mezani kwa saa nyingi, chembe hupasuka ndani yake na kuyatia maji rangi ya uongo. Mgonjwa mwenye manjano ya ini anaweza kuwa na maji ya manjano bila kuvuja. Na jicho la mtu hukosa umanjano hafifu, ndiyo sababu maabara zenye kifaa cha kupima mwanga hukitumia badala ya jicho. Yakiwa maji ni safi, bila umanjano, na chembe nyekundu ziko chini ya 2,000 kwa mikrolita, daktari anaweza kusema kwa ujasiri kwamba anurizimu haikupasuka.

Baada ya jibu

Manjano ya mwalimu yanathibitisha kwamba alivuja. Sasa inatafutwa sehemu iliyopasuka. Anarudishwa kwenye siti skani, safari hii na dawa ya kung'arisha mishipa, na picha inaonyesha anurizimu ya milimita 6 mbele, kwenye mshipa mfupi unaounganisha mishipa miwili ya mbele ya ubongo. Anapewa nimodipini miligramu 60 kila baada ya saa nne, dozi itakayoendelea kwa siku 21. Dawa hii haizuii mshipa kupasuka tena. Inaulinda ubongo dhidi ya kukosa damu siku zinazofuata, tatizo ambalo hutokea hasa kuanzia siku ya nne hadi ya kumi na nne na huweza kumwachia mgonjwa kiharusi.

Presha inashushwa kwa uangalifu, na gari la wagonjwa linampeleka Dar es Salaam, Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), ambako kuna madaktari bingwa wa upasuaji wa ubongo. Kuziba anurizimu kuna njia mbili. Ya kwanza ni kufungua fuvu na kubana shingo ya uvimbe kwa klipu ndogo ya chuma. Ya pili ni kupitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa paja au wa mkono hadi kichwani na kuujaza uvimbe koili laini za platinamu. Uchaguzi hutegemea umbo la uvimbe, mahali ulipo, na vifaa na mikono iliyopo.

Mwalimu wetu alifika kabla ya mpasuko wa pili, akiwa na akili timamu, na wagonjwa wa namna hiyo ndio wenye matumaini makubwa ya kurudi kazini. Wapo wasiopata bahati hiyo. Kwa jumla karibu theluthi moja ya wanaovuja damu kutoka kwenye anurizimu hufariki ndani ya wiki za mwanzo, na baadhi ya waliopona hubaki na uchovu na usahaulifu kwa miezi.

Vipimo vyote viwili vikiwa safi, bado daktari anajiuliza sababu ya radi ile. Kwa mama aliyejifungua wiki chache zilizopita anafikiria damu iliyoganda kwenye mishipa inayotoa damu ubongoni, na maji ya mgongo yaliyopanda juu kuliko kawaida humwelekeza huko. Anafikiria pia mishipa ya ubongo inayobana na kuachia, ambayo huleta maumivu ya radi yanayojirudia kwa siku kadhaa. Haya huhitaji picha za mishipa. Skani ya kawaida haiyaoni.

Msomaji, ukipatwa na maumivu ya kichwa yaliyofika kileleni ndani ya dakika moja, au ukiwa karibu na aliyepatwa, angalia saa na uiandike. Usiendeshe gari wala pikipiki, usisubiri dozi ya malaria iishe, na usihesabu nafuu ya panadoli kuwa kupona. Nenda hospitali yenye siti skani, au ile itakayokupa rufaa siku hiyohiyo. Ukifika, sema mambo mawili kabla ya mengine yote: kilikuja ghafla, na kilianza saa fulani. Picha ikiwa safi, uliza ilipigwa saa ngapi tangu maumivu yaanze. Zikiwa zimepita saa sita na daktari akaomba maji ya mgongo, mkubalie.